Tazama Nyuma ya Sahani

Chennai, mji wa kusini mwa India ambako familia nyingi za Kitanzania huenda kutafuta matibabu, una migahawa isiyohesabika, na anayeshuka huko kwa mara ya kwanza hana jirani wa kumuuliza. Mwaka jana tulimsindikiza mama mkwe wangu hospitalini. Siku ya pili chakula cha wodini kilimshinda, nami nikakaa kwenye benchi la ukumbini na simu mkononi, nikitafuta biriani katika ramani ya Google. Migahawa miwili ilikuwa karibu. Wa kwanza ulikuwa na nyota 4.6 kwa maoni 60, na wa pili nyota 4.2 kwa maoni zaidi ya 1,900. Yote miwili ilielezwa kuwa na chakula cha halali.

Mwenye haraka angeelekea wa kwanza. Niliyapanga maoni yake kwa tarehe kwa kubonyeza “Newest”, na ikadhihirika kuwa 42 kati ya yale 60 yaliandikwa ndani ya majuma mawili. Yote yalitoa nyota tano, kwa maneno mafupi yasiyotaja hata chakula kimoja. Nilipogusa majina ya waandishi, nikakuta kwamba hawajapata kutoa maoni mengine popote. Hesabu yake ni nyepesi: maoni 60 kwa wastani wa 4.6 ni nyota 276. Ukiondoa 210 za wale 42, zinabaki 66 kwa watu 18, yaani wastani usiofika hata 3.7.

Fiqhi ya biashara inaujua udanganyifu wa namna hii tangu kale. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza najshi, yaani mtu asiyekusudia kununua kupandisha bei ya bidhaa mnadani ili amhadae mnunuzi. Anayesifia chakula asichokionja yuko jirani sana naye. Hata hivyo tusimdhulumu mwenye mgahawa. Maoni mengi ya siku chache huenda yametokana na ufunguzi au sikukuu. Kinachotia shaka ni dalili hizo kukutana pamoja: wakati mmoja, maneno matupu, na waandishi wasio na historia.

Katika mgahawa wa pili nilianza na wenye kulalamika, maana nyota moja ya mwenzako yaweza kuwa sifa kwako. Mmoja alikasirika kwamba hapauzwi bia. Mwingine alifika Ijumaa adhuhuri akakuta mlango umefungwa. Wengi walilalamikia kucheleweshwa, jambo ambalo mwenye subira hulivumilia. Nilichokuwa nikikitafuta hasa ni habari za kuumwa tumbo: malalamiko mawili ya miaka tofauti hayakunishtua, lakini kama yangekuwa matatu ya mwezi mmoja, ningeuacha mgahawa ule.

Kisha nikaingia kwenye picha. Zile za mwenye mgahawa hupigwa kwa taa na sahani teule, kwa hiyo nilizipita, nikafungua za wateja na kuangalia tarehe zake, kwani mgahawa huweza kubadilisha mwenyewe na jina likabaki lile lile. Katika picha za wateja usitazame chakula, tazama kilicho nyuma yake. Nyuma ya sahani moja ya mgahawa wa kwanza, kwenye meza ya jirani, palisimama chupa mbili za bia, na picha ilikuwa ya miezi miwili tu. Katika ule wa pili nikaona familia zenye watoto, friji ya soda, na ukutani leseni ya chakula ya India, yenye namba ya tarakimu 14. Leseni hiyo ni ya usalama wa chakula. Haisemi lolote kuhusu uchinjaji.

Hapo ndipo simu ilipofika kikomo chake. Neno “halali” kwenye ramani huwekwa na mwenye mgahawa au hutokana na majibu ya wateja. Hakuna wa Google anayekwenda machinjioni. Nikamwomba karani wa nyumba ya wageni anipigie simu mgahawani kwa Kitamil. Sikumtuma aulize kama nyama ni halali, kwa kuwa swali hilo jibu lake huwa ni ndiyo. Nilimtuma aulize: “Kuku na mbuzi mnanunua bucha gani, na nani anachinja?” Wakataja bucha, mtaa wake, na saa ambayo mzigo huletwa. Mwenye kubuni hababaishi hivyo papo hapo bila kusita.

Lakini biriani ilikuwa tayari saa saba tu, na mgonjwa alikuwa na njaa tangu saa nne. Tulivuka barabara hadi mgahawa usiopika nyama kabisa, wa aina iliyojaa mjini humo ikiwa na maandishi “pure veg” mlangoni, tukaagiza idli, vikate vyeupe vya mchele na jamii ya choroko vilivyopikwa kwa mvuke. Mama mkwe alikula vinne, akauliza biriani inakuja lini.