Mfupa wa goti la mtoto hupona, lakini mguu waweza kubaki mfupi

Na MWANDISHI WETU

MVULANA wa miaka 10 anaanguka kutoka juu ya mwembe. Goti lake linavimba, naye anashindwa kabisa kukanyaga chini. Hospitalini, picha ya eksrei inaonyesha kwamba mfupa wa paja umevunjika karibu kabisa na goti. Madaktari wanaurudisha mahali pake na kumfunga plasta, na baada ya wiki sita plasta inaondolewa. Mfupa umeshika. Mzazi anashukuru, na faili inafungwa.

Miaka miwili baadaye mama yake anamjaribisha suruali mpya ya shule. Upande mmoja unafagia sakafu, wa pili unakomea kifundoni. Anamwambia mtoto asimame wima, naye anasimama wima, lakini suruali ni ile ile. Mguu uliovunjika umekuwa mfupi kwa takriban sentimita 2.

Kisa hiki ni cha mfano tu, lakini madaktari wa mifupa ya watoto wanakifahamu vyema. Huenda hakuna aliyekosea siku ile ya plasta. Mfupa uliunganika barabara. Kilichoharibika ni sehemu inayourefusha, na uharibifu wake hauonekani siku hiyo wala mwezi unaofuata.

Mfupa mrefu haurefuki katikati. Hurefuka karibu na ncha zake, mahali palipo na tabaka jembamba la gegedu, kitu cheupe na chororo kama kile mtu anachokitafuna kwenye ncha ya mfupa wa kuku mchanga. Tabaka hilo huitwa bamba la ukuaji. Ndani yake chembechembe hujipanga safu safu kama sarafu zilizowekwa moja juu ya nyingine. Zile za upande wa kiungo huzaana, za katikati huvimba, na za upande wa pili hugeuka kuwa mfupa mgumu. Mtoto anapobaleghe na kumaliza kurefuka, bamba lote hugeuka mfupa na kutoweka.

Mabamba haya hayafanyi kazi sawa. Lile la ncha ya chini ya paja, juu kidogo ya goti, ndilo lenye bidii kuliko yote mguuni. Huongeza karibu sentimita 1 kila mwaka, na kwa jumla huchangia takriban asilimia 70 ya urefu wa mfupa wa paja. Jirani yake, lile la juu ya mfupa wa muundi, huongeza kama milimita 6 kwa mwaka. Kwa makadirio ambayo madaktari huyatumia, kazi hiyo huisha msichana afikapo miaka 14 na mvulana miaka 16 hivi.

Kwa mtoto, gegedu hili ni dhaifu kuliko kano zinazoshikilia kiungo. Ajali ambayo ingemkata mtu mzima kano za goti humvunja mtoto bamba. Ndiyo sababu kauli ya “ameteguka tu” haifai kusemwa upesi juu ya mtoto ambaye goti limevimba na hawezi kukanyaga. Pengine hata eksrei ya kwanza huonekana safi, kwani gegedu halionekani kwenye picha hiyo na mfupa waweza kuwa umerudi mahali pake wenyewe. Daktari mwangalifu humfunga mtoto kana kwamba amevunjika, kisha hupiga picha nyingine baada ya siku 10 hadi 14, wakati ambapo mfupa mpya unaojitokeza pembeni hufichua jeraha.

Mnamo 1963, Robert Salter na Robert Harris wa Toronto, nchini Kanada, waliyagawa majeraha ya bamba katika aina tano, na mgawanyo huo ungali unatumika. Msomaji hana haja ya kuzikariri zote. La muhimu ni njia ambayo ufa umepitia. Ukipita sambamba na bamba, kwa kawaida hupitia kwenye tabaka dhaifu na kuziacha salama chembechembe zinazozaana. Ukilikata bamba kutoka upande mmoja hadi wa pili, au bamba likipondwa, hatari huwa kubwa zaidi.

Hapa pana mtego ambao umewanasa hata wahudumu wa afya. Aina ya pili, inayopatikana sana, haileti taabu kubwa ikiwa ni ya kifundo cha mkono. Bamba la hapo limenyooka, na jeraha hupona bila kuacha alama. Lakini bamba lililo juu ya goti halikunyooka. Lina mawimbi, vilima na mabonde yaliyoshikana. Paja linapokatika na kuteleza, vilima hivyo husagana na ufa hupenya hadi kwenye chembechembe zinazozaana. Kwa hiyo jeraha lenye jina lile lile, ambalo mkononi ni dogo, gotini si dogo. Uchunguzi uliojumlisha tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kuwa takriban nusu ya majeraha ya bamba hili yalifuatiwa na hitilafu ya ukuaji, ingawa si wote walioishia na tofauti kubwa ya urefu.

Jeraha linapopona, mfupa waweza kujijenga kupitia kwenye bamba na kuunganisha pande mbili ambazo zilipaswa kuendelea kuachana. Madaktari hukiita kipande hicho daraja la mfupa. Likiwa katikati au likienea bamba zima, mguu hubaki nyuma bila kupinda. Likiwa upande mmoja tu, upande wa pili huendelea kukua, na goti likaanza kwenda upogo, kwa ndani au kwa nje. Mara nyingi mzazi huona upogo kabla ya kuona ufupi.

Namna mfupa unavyorudishwa inaweza kuongeza madhara. Kanuni ya madaktari ni kuuvuta zaidi na kuusukuma kidogo, mtoto akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, na kutorudia rudia. Kwa sababu hiyo, kumpeleka mtoto mwenye goti lililovunjika kwa mkandaji anayeunga mifupa kwa kuipinda na kuikanda siku baada ya siku ni jambo ambalo mimi siwezi kulitetea, hata nikijua kwamba wengi wetu tuliungwa mifupa mingine kwa njia hiyo tukapona. Tena mshipa mkubwa wa damu hupita nyuma tu ya goti. Mguu ukiwa baridi, umepauka au mtoto hahisi vidole, huo si wa kungojea asubuhi.

Je, daraja hujulikanaje mapema? Baada ya jeraha, ukuaji husita kwa muda, na msito huo huacha mstari mweupe mwembamba ndani ya mfupa, kama alama ya maji ukutani baada ya mafuriko. Bamba likiamka na kukua sawasawa, mstari huo huachwa nyuma ukiwa sambamba nalo. Mstari ukiinama na kugusa bamba upande mmoja, hapo ndipo palipo na daraja. Mstari usipoonekana kabisa miezi kadhaa baada ya ajali, huenda bamba zima limesimama. Yote haya huonekana kwa eksrei ya kawaida, karibu miezi sita baada ya ajali, bora magoti yote mawili yapigwe picha ili yalinganishwe. Baadaye mtoto huendelea kuonwa kila baada ya miezi michache, kwa muda usiopungua miaka miwili.

Turudi kwa mvulana wetu ili tuone kwa nini tarehe ya picha hiyo ni jambo zito. Tuseme bamba lake la paja lilikufa lote akiwa na miaka 10. Alikuwa amebakiwa na miaka sita ya kukua, kwa kadiri ya sentimita 1 kila mwaka. Asipotibiwa, atafika miaka 16 akiwa na pengo la sentimita 6 hivi.

Kama angeonwa baada ya miezi sita na daraja likapatikana kuwa dogo, chini ya nusu ya eneo la bamba, daktari angeweza kulichonga na kujaza mafuta ya mwili wa mtoto mwenyewe mahali pake ili lisijijenge tena. Upasuaji huo hauna maana ikiwa ukuaji uliobaki ni chini ya miaka miwili, na hata ukifanywa kwa wakati, wakati mwingine daraja hurudi.

Akigunduliwa akiwa na miaka 12, kama alivyogunduliwa na mama yake, pengo ni sentimita 2. Sasa njia iliyo rahisi zaidi huwashangaza wazazi wengi. Daktari husimamisha bamba la paja la mguu mzima. Pengo haliongezeki tena. Akisimamisha pia bamba la juu la muundi wa mguu huo mzima, mguu uliojeruhiwa utaendelea kurefuka kwenye muundi wake milimita 6 kwa mwaka kwa miaka minne, jumla sentimita 2.4, na miguu ikaribiane kulingana. Ni upasuaji mdogo, wenye vidonda vidogo. Gharama yake ni kimo: kijana atakuwa mfupi kwa sentimita chache kuliko alivyokusudiwa kuwa.

Akiletwa akiwa na miaka 14, pengo limefika sentimita 4. Kufunga mabamba yale yale kutarudisha sentimita 1.2 pekee, abaki na karibu sentimita 3, na kiatu kilichoongezwa soli. Akiletwa akiwa na miaka 16 hakuna bamba la kufunga. Hesabu hizi ni za kukadiria. Kabla ya kuamua, daktari hupima umri wa mifupa kwa picha ya kiganja cha kushoto, maana watoto wawili wa miaka 12 waweza kutofautiana sana kwa kiasi cha ukuaji kilichobaki.

Ni haki kusema kwamba si kila mfupa wa paja uliovunjika hufupisha mguu. Ukikatika katikati, mbali na bamba, kwa mtoto wa miaka 2 hadi 10, mara nyingi hutokea kinyume: damu nyingi inayokuja kuponya huchochea ukuaji, na mguu hurefuka kwa sentimita 1 hivi. Mzazi mwenye cheti cha hospitali basi na asome mahali palipoandikwa, si neno “paja” pekee.

Nyumbani, mlaze mtoto chali, akunje magoti, nyayo zikiwa bapa na visigino vimelingana. Goti moja likiwa chini kuliko jingine, apelekwe akapimwe. Kliniki hupima kwa kumsimamisha juu ya vipande vya mbao vya unene unaojulikana chini ya mguu mfupi, hadi nyonga zilingane. Tofauti ya chini ya sentimita 2 kwa kawaida haihitaji upasuaji. Ya kati ya 2 na 5 hushughulikiwa kwa kufunga mabamba, ikiwa bado yapo.

Zaidi ya sentimita 5, au ukuaji ukiwa umekwisha, hubaki kurefusha mfupa. Hukatwa, ukashikwa kwa vyuma, na pande zake zikaachanishwa milimita 1 kwa siku, robo milimita mara nne. Kwa mvulana wetu wa sentimita 6, kuvuta huchukua kama miezi miwili, kisha mfupa mpya huhitaji miezi zaidi, aghalabu mara mbili ya hiyo, kabla haujakomaa na kubeba uzito wake. Katika kipindi hicho goti hukazana, vidonda penye vyuma huingia usaha mara kwa mara, na mtoto hufanyishwa mazoezi ya goti kila siku.