Butembo: Prezida wa AVEC anapougua, sanduku lisubiri bila siri yake kutoka nje

Ni siku ya ine jioni. Mama prezida wa kikundi kimoja cha akiba mjini Butembo, Kivu ya Kaskazini, anaona kwamba hataweza kufika kwenye mkutano wa posho. Mkutano huo si wa kawaida: ni siku ya kugawa akiba ya mwaka mzima. Wanamemba ni 25, na wengi wameisha kupanga pesa hiyo kwa karo ya watoto ao kwa kuongeza bidhaa sokoni. Wataambiwa nini?

Mfano huu unafahamika katika vikundi vingi vinavyoitwa AVEC. Sanduku la pesa lina kufuli tatu, na kila ufunguo unabebwa na mwanamemba mwingine ambaye hayuko katika komite. Sanduku linafunguliwa mbele ya wote. Kwa hiyo, mkutano unapohamishwa bila maelezo, swali la kwanza katika mioyo ya watu si ugonjwa. Ni hili: pesa yetu iko wapi?

Hapo ndipo viongozi wengi wanakosea. Ili kutuliza watu, wanatoa siri ya mgonjwa: wanataja hospitali, upasuaji, ao wanaandika « mumuombee mama yetu ». Wengine wanasema uongo kwamba amesafiri. Siku ya pili mtu anamwona kwenye mlango wa hospitali, na tangu hapo hata hesabu ya sanduku haiaminiwi tena.

Njia nzuri inaanza na simu moja. Mama prezida anamwambia katibu kwamba hatakuwepo. Si lazima ataje ugonjwa. Wao wawili wanachagua tarehe. Katibu anapigia mweka hazina, kisha wabeba funguo watatu, mmoja kwa mmoja, kuhakikisha kwamba siku hiyo wote watakuwepo. Kisha tu ndipo anatuma ujumbe kwa wote katika WhatsApp, na wasio na simu ya kisasa anawapigia:

« Wamama wapendwa, mkutano wa posho tarehe 14 umehamishwa. Tutakutana posho tarehe 21, saa tatu ya asubuhi, pale pale. Sanduku halitafunguliwa mbele ya siku hiyo. Aliyekuwa na deni la kulipa tarehe 14 atalipa tarehe 21 bila amande. Mwenye swali apigie katibu. »

Ujumbe huo unajibu kila swali la pesa na hausemi neno juu ya mwili wa mtu. Mwenye kuuliza « prezida ana nini? » anajibiwa sawa na wengine wote: « Yeye mwenyewe ataeleza akipenda. Mkutano ni tarehe 21. » Katibu akimjibu rafiki yake zaidi kidogo, jioni mtaa mzima utakuwa umejua.

Tarehe mpya isitegemee kupona kwa mgonjwa. Kuandika « mpaka atakapopata nafuu » ni kutangaza ugonjwa, na pia ni kuacha watu bila siku. Wanapatana mapema: tarehe 21, kama prezida hayuko, katibu ataongoza. Kuhamisha mara ya pili kungeleta mashaka ambayo ujumbe hauwezi kuyaondoa.

Kunabaki mfuko wa mshikamano, unaosaidia wanamemba wakati wa ugonjwa. Mama prezida akiomba msaada, kitabu kinaweza kuandika kiasi, tarehe na neno « ugonjwa », bila jina la ugonjwa. Lakini mfuko ni wa wote, na matumizi yake yanasomwa mkutanoni. Ndiyo maana ni yeye mwenyewe anayeamua kama ataomba sasa ao baadaye.

Butembo inajua uzito wa fununu. Wakati wa Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020, iliyoua watu zaidi ya 2,200 mashariki mwa Kongo, jina la mgonjwa likitajwa lilitosha kufanya majirani waepuke nyumba yake na bidhaa zake. Katiba ya nchi, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya binafsi.

Siri hiyo ina mpaka. Ikiwa ni ugonjwa wa kuambukiza kama Ebola, mpox ao kipindupindu, wahudumu wa afya lazima wajulishwe mara moja. Wao ndio wanaotafuta waliomkaribia mgonjwa. Kwa Ebola wanawafuata siku 21. Kazi hiyo si ya katibu, na haifanyiwi katika WhatsApp ya kikundi.

Tarehe 21, funguo tatu zitakapofungua sanduku na pesa kuhesabiwa mbele ya wote, wanamemba watakuwa wamepata walichokuwa na haki ya kujua. Yanayobaki ni ya mama prezida, na atamwambia anayemtaka.