Aina saba za upotevu ndani ya ghala

Taiichi Ohno, mhandisi wa kampuni ya magari ya Toyota nchini Japani, aliugawa upotevu wa kiwandani katika mafungu saba. Kwake, upotevu ni shughuli yoyote inayokula muda au fedha bila kumwongezea mteja chochote. Ghala halizalishi kitu, lakini mafungu yote saba yamo.

Fungu la kwanza ni kuzalisha kupita mahitaji, na Ohno aliliona baya kuliko mengine kwa kuwa ndilo linaloyazaa. Ghalani hutokea oda ya Ijumaa inapofungashwa Jumatano ili vijana wasikae bure. Katoni zinajaa sehemu ya kupakilia, na mizigo ya leo inahamishwa ili kupisha njia. Kuhamisha huko ni fungu la pili, usafirishaji usio wa lazima: bidhaa imetembea, thamani yake iko palepale.

Mizunguko ya wafanyakazi, fungu la tatu, huchanganywa na hilo. Tofauti ni kwamba hapa anayetembea bure ni mtu. Vitabu vya fani hukadiria kuwa karibu nusu ya muda wa mkusanya oda huishia njiani. Chukulia sabuni inayochukuliwa mara 30 kwa siku, nayo iko mita 40 kutoka meza ya kufungashia. Kwenda na kurudi ni mita 80, yaani kilomita 2.4 kila siku kwa bidhaa moja. Ikisogezwa hadi mita 10, zinabaki mita 600. Kosa la kawaida ni kuzipa rafu za karibu bidhaa za bei kubwa, badala ya zile zinazochukuliwa mara nyingi.

La nne ni akiba iliyorundikana. Katoni 600 za juisi inayouzika katoni 50 kwa mwezi ni akiba ya mwaka mzima; ikiwa muda wa matumizi ni miezi tisa, katoni 150 zitaharibikia rafuni. Hata hivyo, pale ambapo masika hukata barabara, akiba ya wiki kadhaa si upotevu.

Kusubiri kunajulikana: lori limefika saa 2 asubuhi, hati zinakuja saa 5. Uchakataji uliozidi hujificha zaidi. Mzigo uleule unahesabiwa getini, rafuni na kwenye lori, kisha unaandikwa daftarini na tena kwenye kompyuta. Kukagua tarehe za dawa hakumo humu, maana mgonjwa anakuhitaji.

La mwisho ni kasoro. Mteja ameagiza chupa za lita moja, amepelekewa za nusu lita; lori linarudi, hati zinaandikwa upya, mzigo unahesabiwa tena. Mara nyingi chanzo ni bidhaa zinazofanana kupangwa jirani, na kuzitenganisha ni rahisi kuliko kumweka mkaguzi mwingine mlangoni.