Wimbo Uko Kwenye Simu, Ruhusa Haiko

Kampuni ya vinywaji vya kuongeza nguvu ya Bang, iliyokuwa na makao Florida, Marekani, ilijitangaza TikTok kwa video fupi zenye nyimbo za wasanii wakubwa. Mwaka 2021 kampuni ya muziki ya Universal iliishtaki. Bang ilijitetea kuwa nyimbo hizo zilikuwa ndani ya TikTok yenyewe, hivyo iliamini zimeruhusiwa. Julai 2022 mahakama iliikatalia: ilivunja hakimiliki kwa video zake zipatazo 140, na kutojua hakukuiokoa.

Wengi huteleza hapo hapo. Makubaliano ya TikTok na makampuni ya muziki humruhusu mtu kucheza wimbo sebuleni kwake na kuwarushia marafiki. Wimbo huo ukiwekwa chini ya picha za bidhaa inayouzwa, matumizi yamegeuka kuwa biashara, na ruhusa ile haifiki huko.

Tuseme mwenye duka la vitenge anamlipa binti mwenye wafuasi wengi amtengenezee video ya sekunde 20. Akaunti ya binti ni ya kawaida, kwa hiyo anaona nyimbo zote na kuchagua unaovuma wiki hiyo. Simu haimzuii. Lakini amelipwa, na video ni tangazo. Anapaswa kuwasha alama ya maudhui ya kulipiwa, kisha achague sauti kutoka Commercial Music Library, maktaba ya muziki ulioruhusiwa kwa biashara. Akaunti ya biashara huonyeshwa maktaba hiyo tu, jambo linalowaudhi wengi, ingawa kwa kweli linawakinga.

Sauti iliyoandikwa "original sound" ndiyo ya kuogopwa zaidi. Maneno hayo yanaonyesha tu kwamba mtumiaji fulani aliipakia; ndani yake mnaweza kuwa na kipande cha wimbo wa mtu mwingine, au mazungumzo yaliyokatwa kwenye filamu. Kuomba ruhusa kwa aliyeipakia hakusaidii ikiwa naye hakuwa nayo.

Kuna mtego mwingine: muziki wa maktaba ya TikTok umeruhusiwa humo TikTok. Mwenye duka akiipakua video na kuihamishia Instagram, au akaipeleka kwenye runinga, anahitaji ruhusa nyingine.

Anayeutaka wimbo fulani hasa, hana budi kuwatafuta wenyewe. Wimbo mmoja una haki mbili: ya utunzi, yaani maneno na melodia, na ya rekodi iliyofanywa studio. Mara nyingi zimo mikononi mwa watu tofauti, hivyo msanii akisema "tumia tu, kaka" huenda ametoa asichokimiliki. Ruhusa iandikwe: wimbo upi, mitandao ipi, nchi zipi, kwa miezi mingapi, na kama video itasukumwa kwa matangazo ya kulipia. Muda ukiisha, video hiyo ishushwe, hata kama bado inaleta wateja.