Picha za Familia Ziko Wapi Hasa?

Muulize mwenye simu janja zilipo picha za harusi ya dada yake, atakwambia bila kusita kwamba ziko Google. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Programu ya Google Photos huonyesha kwa pamoja picha zilizo ndani ya simu na zile zilizokwisha kupanda mtandaoni, kwa hiyo kuiona picha humo si ushahidi kwamba imehifadhiwa popote pengine. Kipimo cha uhakika ni kuazima kompyuta au simu ya mtu mwingine, kuingia photos.google.com kwa akaunti yako, na kuitafuta picha humo. Usipoiona, basi ipo kwenye simu tu, na simu ikitumbukia ndooni imekwenda nayo. Picha zilizoingia kupitia WhatsApp ndizo hukosekana zaidi, kwa sababu programu huanza kwa kupandisha folda ya kamera. Folda nyingine hazipandi mpaka uziruhusu mwenyewe katika mipangilio.

Hiyo hifadhi ya mtandaoni, ambayo wengi sasa wanaiita wingu, ni kompyuta za kampuni fulani zilizo mbali nawe. Kila unachokipandisha hurudufiwa kwenye mashine zaidi ya moja, kwa hiyo moja ikiharibika picha zako hazipotei. Kwa upande huo wingu linazidi kifaa chochote utakachokiweka kabatini. Hatari yake iko kwingine.

Kwanza ni nafasi. Mpaka mwisho wa Mei 2021 Google ilipokea picha bila kikomo, mradi ukubali zipunguzwe ubora kidogo. Tangu Juni 1 mwaka huo kila picha mpya inahesabiwa ndani ya GB 15 za bure, na hizo zinagawanywa na barua pepe pamoja na mafaili ya Drive. Apple hutoa GB 5 tu. Chukua mfano wa familia yenye picha 9,000 kwenye simu ya mama. Kila picha ikiwa na wastani wa MB 3, hizo ni GB 27. Ongeza video 150 za dakika mojamoja, za MB 100 kila moja, unapata GB 15 nyingine. Jumla GB 42, karibu mara tatu ya nafasi ya bure. Akaunti ikijaa, picha mpya huacha kupanda. Simu hutoa onyo, lakini ni nani husoma maonyo ya simu? Miezi inapita huku mama akiamini kila kitu kiko salama.

La pili ndilo huumiza watu wengi. Huduma hizi ni kama kioo: kinachofanyika upande mmoja huonekana upande wa pili. Mama akiona simu imejaa, akafungua Google Photos na kufuta picha za mwaka juzi akidhani nakala zimebaki mtandaoni, atakuwa amezifuta kote kuwili. Zilizokuwa zimepanda hukaa kwenye pipa la taka siku 60, kisha hufutika moja kwa moja. Kwa Apple muda huo ni kama siku 30. Alichopaswa kubonyeza ni Free up space, ambacho huondoa kwenye simu zile tu ambazo nakala zake zimeshafika mtandaoni. Tofauti ya vitufe hivyo viwili ndiyo tofauti ya kuwa na picha na kutokuwa nazo, na hakuna muuza simu anayeieleza dukani.

Nikigusa duka, akaunti nyingi za wazazi wetu zilifunguliwa pale pale na kijana aliyewauzia simu. Nenosiri alilibuni yeye, na namba ya kurejeshea akaunti ni ya laini ambayo pengine haitumiki tena. Laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, na namba yake huweza kupewa mtu mwingine. Simu hiyo ikiibwa, picha zitakuwa salama kabisa kwenye wingu, na mwenyewe hatakuwa na njia ya kuzifikia. Zaidi ya hapo, akaunti binafsi ya Google isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo.

Tugeukie diski ya nje. Unainunua mara moja, hailipiwi kila mwezi, na ya TB 1 ingeibeba familia yetu ya GB 42 zaidi ya mara 20. Haili bando pia. Kupandisha GB 42 kwa intaneti inayopeleka megabiti 4 kwa sekunde huchukua takriban saa 23 mfululizo. Kwa waya wa diski ni kazi ya jioni moja.

Lakini diski ya kawaida ina sahani zinazozunguka kwa kasi na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake kwa pengo dogo kuliko unywele. Ikianguka ikiwa inafanya kazi, kichwa hukwaruza sahani. Ukiisikia ikigonga, tak, tak, tak, ichomoe na usijaribu tena, maana kila jaribio linaweza kuongeza mikwaruzo. Diski za SSD hazina kinachozunguka, hivyo huvumilia kuanguka, ila hazifai kusahauliwa sandukuni miaka mingi bila umeme. Na ukikuta flashi imeandikwa 2TB kwa bei ya chakula cha mchana, iache. Nyingi zimepangwa kuidanganya kompyuta: zinapokea mafaili, zinaonyesha majina yake, lakini nafasi halisi ikiisha vilivyomo havifunguki. Kwenye Windows, programu ya bure ya H2testw huijaza flashi yote na kuisoma upya, na udanganyifu hujulikana hapo.

Sababu zinazoua diski ni kuanguka, moto, mwizi na unyevu. Zinazoua wingu ni nenosiri lililosahaulika, malipo yaliyokoma na kidole kilichofuta. Kwa kuwa sababu hizo hazifanani, ni nadra zote mbili kupotea siku moja, na ndiyo maana mimi ningeanza na diski kisha niongeze wingu, badala ya kuchagua moja.

Kwa mama yule ningefanya hivi. Ningeiunganisha simu na kompyuta kwa waya, nichague kuhamisha mafaili, na nifungue folda ya DCIM. Singebeba picha 9,000 kwa mkupuo, kwani uhamishaji kutoka kwenye simu hupenda kukatika katikati. Ningechukua mia tano mia tano. Ningetumia Copy, kamwe si Cut. Kila fungu likiisha ningelinganisha idadi inayoandikwa chini ya dirisha pande zote mbili, kisha nifungue picha chache na video moja kutoka kwenye diski yenyewe. Ningeiondoa kwa Eject kabla ya kuchomoa waya. Diski ikae kwa shangazi, si kwenye droo moja na kompyuta, na ichomekwe mara mbili kwa mwaka kuongezewa picha mpya na kukaguliwa kama bado inasomeka.

Kwenye wingu ningepandisha kwanza zile zisizopatikana tena: marehemu babu, watoto wachanga, harusi. Ningetumia picha halisi za kamera, maana zilizopita WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa. Halafu ningefungua sehemu ya Google iitwayo Inactive Account Manager, ambamo mwenye akaunti huchagua watu mpaka kumi wa kuarifiwa na, akipenda, kupewa picha zake akaunti ikinyamaza kwa muda anaoutaka, kuanzia miezi mitatu hadi kumi na minane. Hapo ningeandika jina la mwanawe mkubwa.