Ukialikwa Laivuni, Maiki ni ya Nani?

Jumamosi ya tarehe 18 Aprili 2020, wakati korona imewafungia watu majumbani, mamia ya maelfu ya watazamaji walijazana Instagram kuwaona watunzi wawili wakongwe wa muziki wa Marekani, Teddy Riley na Babyface, wakipambanisha nyimbo zao. Pambano hilo lilikuwa sehemu ya Verzuz, mfululizo ulioanzishwa mwaka huohuo na Timbaland na Swizz Beatz. Skrini iligawanywa sehemu mbili, kila msanii akiwa kwake. Babyface alikuja na mpangilio mwepesi. Riley alikuja na wasaidizi, mitambo na spika. Haukupita muda, sauti ikaanza kujirudiarudia kiasi kwamba wimbo haukusikika vizuri wala maneno hayakushikika. Pambano likaahirishwa, na likarudiwa Jumatatu iliyofuata, Riley akiwa amepunguza mitambo yake.

Wasanii wale walikuwa na uzoefu wa studio wa miongo mingi. Kilichowakwamisha ni jambo ambalo hadi leo linaharibu laivu nyingi za watu wengi, ziwe za mapishi, za siasa au za vikundi vya ndugu walioko mbali: ndani ya laivu, kila mshiriki ana mamlaka juu ya kitu fulani, na wengi huingia bila kujua nani ana mamlaka juu ya nini.

Tuanze na mlango. Zamani hizo za 2020, laivu ya Instagram ilibeba mwenyeji na mgeni mmoja tu. Tangu Machi 2021 mwenyeji anaweza kuwa na wageni watatu kwa wakati mmoja, yaani nyuso nne kwenye skrini. Mtu huingia kwa njia mbili. Ama mtazamaji anaomba, na ombi lake linamfikia mwenyeji. Ama mwenyeji anamtafuta kwa jina na kumtumia mwaliko. Mwaliko ukifika kwenye simu ya mgeni, anaukubali au anaukataa. Hakuna anayeweza kurushwa hewani bila yeye mwenyewe kubonyeza kukubali, na hilo ni jema. Lakini akishakubali, anaonekana na kila anayetazama, kwa hiyo nywele, taa na watoto wanaopita nyuma vinapaswa kuangaliwa kabla ya kidole kugusa skrini.

Kuna kizuizi kimoja ambacho huwashangaza wengi. Instagram ilipoleta laivu ya watu wanne, iliweka sharti kwamba mtu aliyeblokiwa na yeyote kati ya walio hewani hawezi kujiunga. Ukimwalika rafiki na ikashindikana bila sababu inayoonekana, huenda kosa si la bando. Huenda mgeni wako mwingine aliwahi kumbloki.

Sasa tuje kwenye sauti, ambako ndiko laivu nyingi hufia. Tuseme mwenyeji yuko Dar es Salaam, wageni wako Mombasa, Maskati na Minnesota. Mwenyeji anasema, "Karibuni sana," na mara anajisikia mwenyewe akirudia, "Karibuni sana." Jambo la kwanza analofanya ni kuhangaika na simu yake. Hapo ndipo anapokosea. Sauti yake imesafiri hadi kwa mgeni mmoja, imetoka kwenye spika za mgeni huyo, imeingia kwenye maiki ya mgeni huyohuyo, kisha imerudishwa kwa wote. Anayejisikia akijirudia si mwenye tatizo. Tatizo liko kwa mwenzake.

Simu zina ujanja wa kujilinda. Simu inajua sauti inayoitoa kwenye spika yake, hivyo inaipunguza pale inapoingia tena kwenye maiki yake. Ujanja huo hufanya kazi vizuri kwa simu tupu iliyoshikwa mkononi. Ukiiunganisha na spika kubwa sebuleni, sauti inachelewa, inagonga kuta, inarudi ikiwa imebadilika, na simu haiitambui tena. Ndiyo maana mgeni mwenye vifaa vya bei mbaya anaweza kuharibu laivu ambayo mgeni mwenye visikilizio vya masikioni vya bei rahisi angeiacha salama. Visikilizio hivyo vinamaliza tatizo kwa sababu sauti ya wengine haitoki hewani kabisa. Maiki haina cha kuokota.

Kumjua mhusika si kazi kubwa. Waombe wageni wazime maiki mmoja baada ya mwingine huku wewe ukizungumza. Akizima wa Maskati mwangwi ukakatika, umempata. Sikiliza pia urefu wa kuchelewa. Sauti ikirudi upesi, mara tu baada ya kutamka neno, imetoka kwenye spika ya mgeni. Ikirudi baada ya sekunde kadhaa, basi chumbani kwa mmoja wenu kuna mtu anaitazama laivu hiyohiyo kwenye simu nyingine bila kuzima sauti. Walio hewani huzungumza wakisikiana karibu papo hapo, ilhali watazamaji hupokea picha na sauti baada ya sekunde kadhaa. Hiyo ndiyo sababu jibu la swali ulilowauliza watazamaji huchelewa kuonekana kwenye maoni, na si kwamba wamekupuuza.

Nani basi anazima maiki? Mgeni ana ya kwake. Mwaka 2021 Instagram iliwapa washiriki uwezo wa kuzima maiki na kamera zao wakiwa bado hewani, na anayesikiliza tu anapaswa kuutumia, hasa kama jiko linachemka au kuku wanawika nyuma yake. Mwenyeji ana silaha nzito zaidi: kumtoa mgeni hewani. Kwenye TikTok anaweza pia kumzimia mgeni maiki bila kumtoa. Naona mwenyeji anayechelewa kutumia uwezo huo anawakosea watazamaji, maana mgeni mwenye kelele anaweza kuwa hana habari kabisa. Yeye hausikii mwangwi anaousababisha.

TikTok ina jambo jingine linalochanganya watu. Kwa picha, laivu mbili zilizounganishwa hufanana na laivu moja yenye mgeni: skrini imegawanyika, nyuso ziko sambamba. Ndani ni tofauti kabisa. Mgeni yuko kwenye laivu ya mwenyeji, na watazamaji ni wa mwenyeji. Wenye laivu mbili zilizounganishwa, kama wale wa mapambano ya zawadi ambayo kwa kawaida huchukua dakika 5, kila mmoja ana laivu yake na watu wake. Mmoja akikata muunganiko, skrini inarudi kuwa ya mtu mmoja na kila upande unaendelea. Hakuna anayeweza kumzimia mwenzake laivu.

Kwa laivu yenye wageni mambo ni mengine. Mgeni akitoka, dirisha lake linafungwa na mazungumzo yanaendelea. Mwenyeji akiifunga, wote wametoka, hata kama mgeni alikuwa katikati ya sentensi. Ndiyo maana mwenyeji anafaa kuwa yule mwenye mtandao imara kuliko wote, si lazima yule mwenye wafuasi wengi.

Laivu ikiisha, kinachobaki pia ni cha mwenyeji. Instagram humhifadhia rekodi kwa siku 30, na katika muda huo anaweza kuipakua, kuichapisha au kuifuta. Mgeni hapati nakala, na hana kitufe cha kuizuia isichapishwe. Ukialikwa, muulize mwenyeji kabla ya kukubali: rekodi itabaki au itafutwa?