Mwalimu, usimwite mvivu kabla ya kupima

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mwalimu wa michezo, niliwatwika wavulana wawili mazoezi ya aina moja. Walinyanyua vyuma vya uzani sawa, siku zile zile, nami nikiwasimamia mwenyewe. Muhula ulipokwisha, mmoja alikuwa ametanuka mabega hata shati likambana. Mwenziwe alibaki vile vile, kama fito. Nilimkemea yule wa pili mbele ya wenzake kwamba anatega kazi. Hakunijibu. Leo najua kwamba nilimdhulumu.

Mwaka 2005 watafiti walichapisha matokeo ya watu 585, wake kwa waume, waliofanya mazoezi ya mkono mmoja, ule wasioutumia sana, kwa majuma 12. Msuli wa mbele wa mkono ulipigwa picha kwa mtambo wa sumaku, ukaonekana kama uso wa muhogo uliokatwa, na ukubwa wa uso huo ukapimwa. Kwa wastani msuli ulikua kwa takriban asilimia 19. Lakini wastani huficha mengi. Kulikuwa na mtu ambaye msuli wake ulipungua kwa asilimia 2, na mwingine ambaye wake uliongezeka kwa asilimia 59.

Hebu tufanye hesabu. Chukua wanafunzi wawili, kila mmoja ana msuli wenye uso wa sentimita mraba 20. Baada ya majuma 12, wa kwanza angekuwa na 31.8, na wa pili 19.6. Jasho ni moja, mavuno mbalimbali.

Sababu mojawapo imo katika urithi. Mwaka 1997 Alexandra McPherron na Se-Jin Lee, wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani, walieleza habari za protini iitwayo mayostatini. Msuli wenyewe huitengeneza, nayo kazi yake ni kuuzuia usikue kupita kiasi, mfano wa breki ya gari. Walipoiharibu jeni ya protini hiyo katika panya, misuli ya panya hao ilikua mara mbili hadi tatu ya kawaida. Mwaka uo huo ilibainika kwamba ng'ombe wa buluu wa Ubelgiji, wajulikanao kwa mapaja yaliyofura, wana dosari katika jeni hiyo hiyo.

Binadamu naye hakukosekana. Mwaka 2004 madaktari walieleza habari za mtoto wa Kijerumani aliyezaliwa na misuli minene isiyo ya kawaida. Alipofika umri wa miaka minne na nusu, aliweza kunyoosha mikono kando huku kila mmoja umeshika chuma cha kilo 3. Nakala zake zote mbili za jeni hiyo, ya baba na ya mama, zilikuwa na kasoro. Mamaye, aliyewahi kuwa mkimbiaji wa kulipwa, alikuwa na nakala moja yenye kasoro.

Hapa ndipo wengi wetu huteleza. Tukisikia hayo, twadhani kwamba yule mvulana wangu aliyetanuka alizaliwa bila breki. La hasha! Kasoro kama ya mtoto yule ni adimu mno. Tofauti zinazoonekana darasani hutokana na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, pamoja na chakula, usingizi na umri wa kubalehe. Mvulana wa miaka 15 aliyekwisha kubalehe hawezi kulinganishwa na rika lake ambaye bado.

Aidha, unene wa msuli si nguvu. Katika majuma ya mwanzo nguvu huongezeka hasa kwa sababu neva hujifunza kuuamrisha msuli vyema. Kijana wangu mwembamba huenda alikuwa akinyanyua kilo nyingi kuliko alipoanza, nami nikamhukumu kwa shati lake.

Ningepewa nafasi tena, ningepima mkono wake mara mbili kabla ya kuanza, mahali pale pale. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana kwa nusu sentimita, basi ongezeko la nusu sentimita baadaye halithibitishi lolote. Ningeandika pia kilo anazonyanyua. Kisha, kama hakuna badiliko, ningeuliza amekula nini na amelala saa ngapi, halafu ningemwongezea mizunguko ya zoezi, maana wapo ambao hawaitikii kipimo kidogo lakini huitikia kikubwa.

Daftari lenye tarakimu hizo lingenigharimu shilingi chache. Kutokuwa nalo kulimgharimu kijana yule heshima yake mbele ya wenzake, kwani hakurudi tena uwanjani.